Maswali ya Wasomaji: Jina Langu Katika Habari ya Zamani

*Mwaka 2011 gazeti liliandika mtandaoni kwamba nimeshtakiwa kwa wizi kazini. Mwaka 2013 mahakama ya hapa Kenya iliniachilia huru, lakini habari ile bado ipo. Nimwandikie mhariri nini?*

Usiombe habari ifutwe, omba jina litolewe. Mhariri akiombwa kufuta huona anaombwa kukana kwamba kesi ilikuwepo, naye hukataa. Taja kichwa cha habari, tarehe na anwani kamili ya ukurasa, uambatishe nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama, kisha uandike ombi lenyewe: "Naomba katika aya ya kwanza na ya nne jina langu liwe 'mfanyakazi mmoja', na chini ya habari iongezwe kwamba mahakama iliniachilia huru mwaka 2013." Eleza dhara moja unaloweza kulithibitisha, kwa mfano kazi uliyonyimwa. Kagua pia maelezo ya picha na anwani ya ukurasa, kwa sababu mara nyingi jina hubaki humo baada ya kutolewa katika habari. Mhariri akikataa kugusa maneno, mwombe angalau aweke alama ya `noindex`, ambayo huacha ukurasa mahali pake lakini huziambia injini za utafutaji zisiuorodheshe.

*Kesi yangu iliondolewa na upande wa mashtaka. Naweza kuandika kwamba niliachiliwa huru?*

Hapana. Kesi iliyoondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweza kufunguliwa upya, na mhariri akigundua umekuza neno hatakuamini tena.

*Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si inamlazimisha afute? Nimeshamtisha kwa wakili.*

Swali hili linaniudhi kwa sababu kila anayeuliza amesoma kifungu cha 40 kuhusu kufutiwa data, akaruka cha 52 kinachowapa wanahabari msamaha. Vitisho hivyo huipeleka barua yako moja kwa moja kwa mawakili wa gazeti, na mtu ambaye angekuonea huruma hataiona.

Hoja yenye nguvu ni muda uliopita na udogo wa manufaa ya jina lako kwa umma leo. Daktari mmoja wa Ubelgiji alitajwa na gazeti la Le Soir katika habari ya ajali mbaya ya mwaka 1994. Kumbukumbu za gazeti zilipowekwa mtandaoni mwaka 2008, kutafuta jina lake kuliileta ajali ile. Mahakama za nchi yake ziliamuru jina libadilishwe kuwa herufi X, na mwaka 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikakubali, nakala ya karatasi ikibaki ilivyochapishwa. Uamuzi huo haumfungi mhariri wa Nairobi, lakini unamwonyesha njia. Mwanasiasa asitarajie huruma hiyo.

*Jina limetolewa, lakini Google bado inalionyesha. Wamenidanganya?*

La, Google bado inaonyesha nakala yake ya zamani. Tumia fomu yao ya kuripoti maudhui yaliyopitwa na wakati, ubandike anwani ya ukurasa na neno ambalo halimo tena.