Watoto wa dawati moja wanapogombana: namna ninavyowafundisha kupatana

Nafundisha darasa la nne, na madawati yetu hukaliwa na watoto watatu watatu. Kesi nyingi zinazoletwa mezani kwangu ni za nafasi: nani akae pembeni, nani kavuka mpaka kwa kiwiko. Kuamua mwenyewe ni haraka zaidi, lakini kesi ninayoiamua mimi hurudi kesho yake. Kwa hiyo nawafundisha kupatana wenyewe, na huwa naanza na mchezo siku ambayo hakuna aliyekasirika.

Mchezo ni ule wa kulazana mikono. Wawili wanatazamana, viwiko juu ya dawati, viganja vimeshikana. Nawaambia: "Mkono wa mwenzako ukigusa dawati, unapata punje moja ya maharage. Jitahidi upate punje nyingi. Mna nusu dakika." Chunga sana maneno yako hapo. Usiseme "shindaneni" wala usitaje mshindi. Wapange pia kwa nguvu zinazokaribiana, maana mtoto mkubwa akikutana na mdogo atazikomba zote, na mdogo atajifunza kwamba hana la kusema.

Wengi watakaza misuli mpaka jasho liwatoke, na muda ukiisha watakuwa na punje moja au hawana kabisa. Lakini mara nyingi hupatikana jozi moja iliyonong'onezana, ikalegeza mikono na kuiyumbisha huku na huku, kila mmoja akapata punje kumi au zaidi. Waite mbele waonyeshe. Kisha uliza darasa: "Nani aliwaambia mwenzenu asipate?" Wape muda wa kufikiri, halafu warudie mchezo. Safari hii atatokea mtoto anayekubali kulazwa, kisha mwenzake hamrudishii zamu. Hapo ndipo penye somo kubwa zaidi: waulize walikubaliana nini kabla ya kuanza. Mara nyingi hawakukubaliana lolote, kila mmoja alidhani tu.

Ugomvi wa kweli ukija, mchezo huo unakuwa mfano wa kurejea. Chukua kesi ya mabinti wawili waliogombea upande wa kushoto wa dawati, mmoja akavuta daftari la mwenzake likachanika. Nilisubiri mapumziko ili wengine wasiwazunguke, maana mtoto anayetazamwa na darasa zima hawezi kulegeza msimamo. Sikuuliza "kwa nini unataka pale?" Mtoto akisikia "kwa nini" kutoka kwa mwalimu huona anashtakiwa, na atajibu "kwa sababu ni pangu". Niliuliza hivi: "Ukikaa pale, utapata nini ambacho hapa hukipati?"

Wa kwanza alisema anaandika kwa mkono wa kushoto, na akikaa katikati viwiko vinagongana. Wa pili alisema mwanga wa dirishani unang'aa ubaoni, hasomi vizuri akiwa upande ule mwingine. Nilimtaka kila mmoja arudie shida ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri, "ndiyo, hivyo." Kisha nikanyamaza. Aliyesumbuliwa na mwanga ndiye aliyesema angeweza kuhamia dawati la mbele, mradi rafiki yake aje naye. Yule wa kushoto akaongeza kwamba atasaidia kugundisha lile daftari. Tukapanga wajaribu mpaka Ijumaa, kisha waje waniambie kama linafaa.

Hiyo Ijumaa usiiache, hasa kwa mtoto mpole. Yupo anayesema "sawa" kabla mwenzake hajamaliza sentensi, huku akimtazama usoni kuona kama ameridhika. Huyo hajapatana, amejisalimisha. Mwulize peke yake: "Wewe unaondoka na nini?" Akikosa jibu, warudishe waanze upya.

Mtoto anayepigwa, anayenyang'anywa hela ya kula au anayetishwa njiani, usimkalishe kupatana na anayemwonea. Hapo mwalimu anaingia, anamlinda, na anawaita wazazi. Kupatana kunahitaji watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema hapana bila kuumia.

Kwa darasa la kwanza na la pili mazungumzo haya bado ni marefu. Hao wape andazi moja kwa watoto wawili: mmoja agawe, mwingine achague kwanza. Utaona mgawaji anavyopima kwa macho, anakata taratibu, anasogeza kisu kidogo, anapima tena. Tumia kisu butu cha plastiki. Wakishalizoea andazi, wahamishie kwenye kugawana penseli za rangi, ambapo vipande havifanani na kila mtoto ana rangi anayoipenda. Hapo wataanza wenyewe kuulizana, "wewe unataka ipi?"