Ovataimu ya mgahawa: gawa saa kwanza, kuzidisha baadaye

Kazi yangu ni kuandaa malipo ya wiki ya wafanyakazi wa mgahawa wanaolipwa kwa saa. Nikiombwa kukagua hesabu yenye ugomvi, mara nyingi nakuta kosa lilelile: zamu ya usiku imeandikwa kama kipande kimoja. Zamu inaanza Jumamosi jioni na kuisha baada ya saa 6 usiku, Jumapili ikiwa imeshaanza, lakini kwenye daftari yote imewekwa chini ya Jumamosi. Kama Jumapili hiyo ni sikukuu, mfanyakazi ameshapunjwa kabla hujashika kikokotoo.

Nitaeleza kwa wiki moja ya mhudumu mmoja, ambayo Jumapili yake ni sikukuu. Tuseme ujira wake ni 100 kwa saa, kwa sarafu yoyote. Mkataba wake unasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, kuanzia Jumatatu. Ovataimu ni mara moja na nusu, na saa ya sikukuu ni mara mbili. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 10 ya malipo ya saa husika. Viwango vyako vitatoka kwenye sheria na mikataba ya kwako. Utaratibu haubadiliki.

Jumatatu hadi Ijumaa aliingia saa 10 jioni na kutoka saa 6:30 usiku, akiwa na mapumziko ya nusu saa yasiyolipwa kuanzia saa 12 jioni. Hiyo ni saa 8 kila siku, jumla saa 40. Andika mapumziko yalianza saa ngapi, usiandike urefu wake tu. Yakiangukia usiku yanapunguza saa za nyongeza. Yakiwa jioni kama hapa, hayazigusi. Basi kila siku ana saa 4.5 za usiku.

Jumamosi aliingia saa 10 jioni, akapumzika vilevile, akatoka saa 8:30 usiku. Saa 10 za kazi. Hapa ndipo pa kwenda polepole, maana zamu hii ina mipaka miwili ndani yake. Alihitaji saa 5 tu kufikisha 45, na ukihesabu ukiruka mapumziko, alizifikisha saa 3:30 usiku. Kuanzia hapo hadi saa 6 usiku ni saa 2.5 za ovataimu. Baada ya saa 6 usiku tarehe imebadilika na sikukuu imeanza, kwa hiyo saa 2.5 zilizobaki ni za sikukuu.

Je, saa hizo za mwisho, ambazo nazo zimevuka 45, zilipwe sikukuu na ovataimu pamoja? Jibu litoke kwenye maandishi, lisiamuliwe siku ya malipo. Kwa huyu, mkataba unasema saa moja inapata kiwango kimoja, kile kikubwa. Nyongeza ya usiku ndiyo pekee inayopanda juu ya kiwango chochote.

Sasa zidisha. Saa 45 za kawaida ni 4,500. Ovataimu ni 2.5 kwa 150, yaani 375. Sikukuu ni 2.5 kwa 200, yaani 500. Kwa usiku, saa za kawaida zilizoangukia usiku ni 24: zile 22.5 za siku tano na 1.5 za Jumamosi. Kwa nyongeza ya 10 kila saa tunapata 240. Za ovataimu zinaongeza 37.5, za sikukuu 50. Jumla ya wiki ni 5,702.5.

Zamu ile ingebaki yote Jumamosi, saa 5 za mwisho zingelipwa kama ovataimu na angeondoka na 5,565. Pengo la 137.5 ni zaidi ya ujira wa saa nzima, na mtu aliyesimama hadi saa 8:30 usiku ana haki nalo.

Ukitumia jedwali la kompyuta, andika muda kwa mfumo wa saa 24. Kutoa 16:00 kwenye 02:30 kutakupa namba hasi, kwa hiyo mimi hutumia hii, A2 ikiwa kuingia na B2 kutoka:

```
=MOD(B2-A2,1)*24
```

Inatoa 10.5, kisha unaondoa mapumziko. Pia inageuza dakika kuwa sehemu ya saa, kwa sababu saa 7 na dakika 45 ni 7.75. Anayeandika 7.45 anamkata mtu dakika 18 kila zamu.

Kabla ya kulipa, jumlisha saa za kawaida, ovataimu na sikukuu. Hapa ni 45, 2.5 na 2.5, zinazoleta 50 sawasawa na daftari la mahudhurio. Saa za usiku usizijumlishe humo, kwa kuwa ni saa zilezile zinazohesabiwa mara ya pili kwa ajili ya nyongeza. Jumla ikizidi 50, karibu kila mara ndizo zimepenya.

Na hati ya malipo ioneshe mafungu haya manne kila moja kwenye mstari wake, saa na kiwango. Mhudumu anakumbuka alitoka saa ngapi Jumamosi. Akiona mstari wa sikukuu hauna kitu, atakuja kuuliza siku hiyohiyo.