Oda Moja Isiingie Mara Mbili: Ushauri kwa Wenye Wauzaji Wanaozunguka Penye Mtandao Dhaifu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimamia mfumo wa ERP, yaani programu inayounganisha mauzo, mali na hesabu, wa msambazaji wa bidhaa za dukani ambaye ghala lake liko Changamwe. Wauzaji wetu huondoka Mombasa alfajiri, wakifika Mariakani wengine hushika njia ya Bamba na wengine huelekea Kinango. Hawabebi mali. Huandika oda za wenye maduka kwenye simu, na lori hupeleka mzigo siku mbili baadaye. Programu tuliyonunua mwanzoni ilisifiwa kwamba inafanya kazi bila mtandao, na kweli ilikuwa ikifanya. Ilichoshindwa nacho ni mtandao unaokuja na kutoweka, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Siku moja dereva wetu alishusha katoni 24 za mafuta ya kupikia katika duka la mama mmoja huko Bamba. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi niliagiza kumi na mbili tu, hizi nyingine nitaziweka wapi?" Dereva alikuwa na karatasi mbili zenye nambari tofauti, kila moja ya katoni 12, na zote zilitoka katika mfumo wetu. Muuzaji aliapa kwamba aliandika oda moja. Nilipoifungua simu yake niliikuta oda moja kweli, ilhali seva ilikuwa na mbili zilizopishana kwa dakika nne.

Kilichotokea ni hiki. Muuzaji alipobonyeza kitufe cha kutuma, oda ilisafiri ikafika, seva ikaiandika na kuipa nambari. Jibu la seva lilipokuwa njiani kurudi, mtandao ukakatika. Kwa simu, kutopata jibu kulikuwa na maana moja tu, kwamba oda haikufika. Gari lilipopanda mlima na mtandao ukarudi, programu ikaituma tena kwa nia njema kabisa, na seva, isiyokuwa na njia ya kujua kwamba ni oda ileile, ikaandika ya pili. Hakuna idadi ya majaribio wala muda wa kusubiri unaoweza kuliondoa tatizo hili, kwa sababu simu haiwezi kutofautisha ombi lililopotea na jibu lililopotea.

Dawa yake ni kuipa oda kitambulisho cha kipekee, yaani UUID, kinachozaliwa ndani ya simu wakati muuzaji anapoanza kuiandika. Nasisitiza wakati huo, kwa maana mafundi wa programu ile waliponiambia kwamba kitambulisho kipo, niligundua kwamba kilikuwa kikitengenezwa upya kila oda inapotumwa, kwa hiyo hakikuwa na faida yoyote. Kitambulisho kikishazaliwa huhifadhiwa pamoja na oda katika SQLite, hifadhidata ndogo iliyo ndani ya simu, na hakibadiliki tena, hata oda ikitumwa mara ishirini. Upande wa seva, hifadhidata yenyewe ndiyo ikatae marudio. Sisi tunatumia PostgreSQL, na kiini cha kazi ni mistari hii:

```sql
ALTER TABLE oda ADD UNIQUE (kitambulisho);

INSERT INTO oda (kitambulisho, duka_id, jumla)
VALUES ($1, $2, $3)
ON CONFLICT (kitambulisho) DO NOTHING;
```

Baada ya hapo seva inapaswa kuitafuta oda yenye kitambulisho hicho na kuirudishia simu nambari yake, iwe imeandikwa sasa hivi au dakika nne zilizopita. Seva ikijibu kwa kosa eti oda tayari ipo, simu itaendelea kuishikilia katika foleni ya oda zinazosubiri kutumwa, na programu nyingine husimamisha hata oda zilizo nyuma yake.

Kuna mtego mwingine ambao tuliutambua baadaye, na kwangu mimi ndio unaostahili tahadhari kubwa zaidi. Tuseme oda ya katoni 12 imetumwa na jibu halikurudi. Muuzaji angali dukani, mwenye duka anabadilisha mawazo na kutaka 15, na kwa kuwa simu inaonyesha kwamba oda haijafika, muuzaji anairekebisha. Programu inaituma tena kwa kitambulisho kilekile. Seva inaona kitambulisho inachokijua, haiandiki kitu, inajibu kwamba mambo ni sawa. Sasa simu ina 15 na seva ina 12, na hakuna atakayejua mpaka lori lifike. Kwa sababu hiyo tuliamua kwamba oda ikishajaribiwa kutumwa hata mara moja, inafungwa. Mabadiliko yoyote huandikwa kama hati mpya ya marekebisho yenye kitambulisho chake na inayoitaja oda ya kwanza, na hati hizo hutumwa kwa mpangilio zilivyoandikwa. Mpangilio huo tunaufuata kwa nambari ya mfululizo ya kila simu wala si kwa saa ya simu, kwani saa huweza kubadilishwa au kupotea.

Upande wa mali ghalani nitasema machache. Idadi ambayo muuzaji anaiona akiwa Bamba ni ya mara ya mwisho simu ilipozungumza na seva, kwa hiyo tumeiwekea saa yake pembeni, na programu haimwahidi mteja chochote. Oda hupita hali tatu: imeandikwa simuni, imefika ofisini, imethibitishwa. Karatasi anayoachiwa mwenye duka hubeba nambari tuliyokipa kifaa cha muuzaji na mfululizo wake, kwa mfano `S07-0412`, ambayo haihitaji kuombwa kwa seva. Ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, hutayarishwa ofisini oda ikishathibitishwa.

Unapotaka kununua programu ya aina hii, usiridhike na muuzaji wake akizima mtandao wa simu mbele yako, akaandika oda, kisha akauwasha. Jaribio hilo hukata mawasiliano kabla ya ombi kuondoka, na karibu kila programu hulifaulu. Omba seva ya majaribio icheleweshwe kujibu kwa sekunde 30. Tuma oda, subiri uone kwenye seva kwamba imeandikwa, halafu zima mtandao wa simu kabla ya jibu kurudi. Uuwashe baada ya dakika tano na uhesabu oda. Kisha urudie jaribio lote, na safari hii jaribu kubadilisha idadi ya katoni kabla ya kuuwasha. Programu tuliyokuwa nayo ilianguka katika majaribio yote mawili, na kila jaribio lilichukua muda usiofika robo saa.

Tazama pia mahali foleni inapokaa. Muuzaji wetu mmoja, simu yake ilipojaa picha, aliingia kwenye mipangilio akafuta data ya programu ili apate nafasi, na oda za siku nzima ya Kinango zikaondoka nazo, kwa kuwa zilikuwa katika simu hiyo peke yake. Hata kama programu haimzuii mtu kufanya hivyo kupitia mipangilio ya Android, inaweza kukataa kumruhusu atoke kwenye akaunti wakati foleni haijaisha, na inaweza kuonyesha kwenye ukurasa wa kwanza, kwa tarakimu kubwa, ni oda ngapi hazijafika ofisini. Jioni wauzaji wetu wanaporejea Mariakani, penye mtandao mzuri, husimama kando ya barabara hadi tarakimu hiyo iwe sifuri ndipo waendelee na safari ya kurudi Mombasa.