Barua inasema rejesho moja, akaunti inakatwa jingine: anza na mstari wa riba

"Riba ya mkopo wangu imepandishwa. Barua ya benki imetaja rejesho jipya, lakini nilichokatwa ni zaidi ya hicho. Nitajuaje kosa liko wapi kabla sijaenda kugombana nao?"

Mkuu, usianze na rejesho lenyewe. Fungua taarifa ya mkopo (siyo ya akaunti ya mshahara) utazame mstari wa riba ya mwezi ule. Rejesho linatokana na vitu vitatu: salio la mkopo, kiwango cha riba na miezi iliyobaki. Riba ya mwezi haijali miezi iliyobaki. Kwa hiyo mstari ule ukiwa sahihi, salio na kiwango viko sawa, na kinachobaki kushukiwa ni muda.

Yangu ilikuwa hivi. Salio lilikuwa 2,400,000, riba ikapanda kutoka 12% hadi 13.5%, na miezi iliyobaki ni 60. Barua ilitaja rejesho jipya la 55,224. Nikakatwa 56,561, yaani 1,337 zaidi kila mwezi. Kiwango kipya kilianza siku ileile ya rejesho, kwa hiyo mwezi uliofuata wote ulihesabiwa kwa 13.5%. Kwako kikianza katikati ya mwezi, riba ya mwezi huo itakuwa na siku chache za kiwango cha zamani na nyingine za kipya. Subiri mwezi unaofuata ndipo uhakiki.

Benki yangu huhesabu riba kwa siku, mwaka ukiwa na siku 365. Nikachukua 2,400,000, nikazidisha kwa 13.5%, nikagawanya kwa 365, nikazidisha kwa siku 30. Nikapata 26,630, na taarifa ilionyesha hiyohiyo. Mwezi wa siku 31 ungetoa 27,518, kwa hiyo ukiona mstari huo unapanda na kushuka kidogo usishtuke. Mkataba wako unaweza kuwa unagawanya mwaka kwa 12 tu, nao ungetoa 27,000. Soma mkataba ujue ni ipi, maana hapo watu wengi hudai kosa lisilokuwepo.

Kiwango kikawa kimetoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Nikahamia kwenye Excel na hesabu tatu:

```
=PMT(13.5%/12,60,-2400000)
=NPER(13.5%/12,-56561,2400000)
=RATE(60,-56561,2400000)*12
```

Ya kwanza ilinipa 55,224, barua ikawa imehesabiwa vizuri. Ya pili inauliza: kwa rejesho nililokatwa, mkopo utaisha baada ya miezi mingapi? Jibu likaja 58.00, namba kamili. Ya tatu inauliza ni kiwango gani kingezaa rejesho hilo kwa miezi 60, nikapata kama 14.57%, namba ambayo haipo popote kwenye mkataba wala barua. Hiyo ndiyo alama ninayoitegemea: hesabu moja ikitoa namba kamili na nyingine ikatoa namba ya ajabu, kosa liko kwenye ile iliyotoa namba kamili.

Kwa nini 58? Kabla ya hapo niliwahi kusogezewa marejesho mawili, na tarehe ya mwisho ya mkopo ikasogezwa mbele miezi miwili kwa maandishi. Aliyeandaa barua alitumia tarehe mpya. Mfumo unaokata ulikuwa bado na tarehe ya zamani.

Nilipeleka malalamiko kwa maandishi, ukurasa mmoja: salio, kiwango, miezi, barua ya kusogezewa muda, na matokeo ya NPER. Afisa mikopo hakubishana na rejesho. Alifungua tarehe ya mwisho kwenye mfumo akaiona mwenyewe. Ukienda na maneno "mmenikata nyingi" utajibiwa kwamba riba imepanda.

Jambo moja la kuliweka wazi kabla hujadai kurudishiwa: kosa la muda halikupotezei ile ziada. Ile 1,337 ilienda kupunguza mtaji, na riba ya mwezi uliofuata ikahesabiwa kwenye salio dogo zaidi. Kinachokuumiza ni mfukoni kila mwezi. Kosa la kiwango ni jingine kabisa, kwa sababu pale ziada inaliwa kama riba na haipunguzi salio lako. Hiyo ndiyo ya kudai irudishwe tangu siku ya kwanza.

Na kama mstari wa riba uko sawa, NPER nayo inakupa namba ya miezi yenye desimali zisizoeleweka, tafuta kitu kilichobebwa ndani ya rejesho: bima ya mkopo au ada. Toa kiasi hicho kwanza, kisha rudia hesabu.