Apdeti za smati TV

"Samsung yangu kila mara inataka apdeti, bando linaisha. Ni lazima? Jamaa kaniambia nizime kabisa."

Kwa king'amuzi tu, hapana. Kwa YouTube na Netflix, ukipuuza muda mrefu programu zitaanza kugoma. Aliyesema "zima kabisa" yuko sahihi nusu: zima Auto Update ukiwa kwenye hotispoti ya simu, au kwenu umeme unakatika ovyo, maana ukikatika katikati ya kusakinisha TV inaweza isiwake tena. Auto Update iko Settings, Support, Software Update.

Kisha pakua faili la apdeti la modeli yako hasa kwenye tovuti ya Samsung kwa waifai ya kazini, lifungue kwenye kompyuta, kilichomo kiweke kwenye flashi, si ndani ya folda nyingine. Chomeka, bonyeza Update Now, chagua USB.