Choroko na uwatu wa kwenye chupa: siki haitoshi, pika

"Wakuu, nimeanza kuotesha choroko na uwatu kwenye chupa hapa nyumbani. Nasuuza mara tatu kwa siku, na kabla ya kula naloweka kwenye maji ya siki dakika kumi. Mama yangu ni mtu mzima na anapona ugonjwa, nataka awe anakula mbichi kila siku. Siki inatosha? Majani ya saladi na giligilani nayo niloweke kwenye chumvi?"

Usimpe mama. Kama leo kuna bakuli lililo tayari, lirudishe jikoni kabla hujamaliza kusoma hapa.

Nimeandika kwa haraka kwa sababu maelezo yako ni yangu mimi ya miaka michache iliyopita, neno kwa neno: chupa, kusuuza mara tatu, siki, dakika kumi. Tofauti ni kwamba wewe unamlisha mama, mimi nilimlisha mwanangu wa miaka minne.

Nilifundishwa na mtu aliyekuwa akiendesha mafunzo ya lishe na kuuza mbegu hapo hapo. Alisimama mbele yetu akasema siki inaua kila kijidudu, na ukiotesha mwenyewe unajua usafi wako, kwa hiyo huna cha kuogopa. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake ilivyokuwa na uhakika napandwa na hasira. Hakutuambia hata mara moja kwamba uchafu haungoji mikono yako. Unakuja ndani ya pakiti, pamoja na mbegu.

Mbegu inatoka shambani. Huko imepitia vumbi, maji ya kumwagilia, samadi, vinyesi vya ndege na panya, halafu ikapurwa na kusafirishwa. Ganda lake lina mikwaruzo na nyufa ambazo jicho halizioni, na salmonela au E. koli inaweza kujificha humo. Mbegu ikiwa kavu kijidudu hakizaliani, lakini hakifi pia. Kinaweza kukaa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kikingoja maji. Wewe ndiye unayekipa maji. Unaloweka usiku kucha, unamwaga, unaiacha chupa kwenye joto la jikoni siku tatu nne, na mbegu inapopasuka inatoa sukari na protini. Joto, unyevu na chakula: hayo ndiyo maabara huyatumia inapotaka bakteria waongezeke makusudi.

Fanya hesabu hii pamoja nami, maana ndiyo iliyonifumbua macho baada ya kuchelewa. Tuseme chupa yako ina kijidudu kimoja tu, na kinajigawa mara mbili kila saa, mwendo ambao katika joto la jikoni si wa ajabu. Baada ya saa 20 vimeshapita milioni moja, na wewe bado hujamaliza hata siku ya kwanza. Sasa leta siki. Tuseme imefanya kazi nzuri sana, imeua 99 kati ya kila 100. Katika milioni hiyo vinabaki elfu kumi. E. koli ya aina ya O157 inaweza kumwangusha mtu kwa vijidudu visivyofika mia. Siki ilikuwa inapigana vita iliyokwisha kushindwa jana yake.

Tena hapo nimeipa siki sifa isiyostahili, kwa sababu haifiki vilipo. Chipukizi linapotoa mzizi, ganda linapasuka na tishu changa inabaki wazi. Bakteria wanashika kwenye vinyweleo vya mzizi, wanajifunika ute wao wenyewe, na wengine wanapenya ndani ya chipukizi lenyewe. Watafiti wa Japani waliwahi kuotesha mbegu za figili zilizopakwa O157, kisha wakaosha machipukizi kwa dawa ya zebaki, sumu ambayo hakuna mtu angeipeleka karibu na chakula. Nje palisafishika. Ndani walikutwa wako hai. Kama zebaki haikuwafikia, siki ya kijiko itawafikiaje?

Na hutawatambua kwa macho. Yale niliyomlisha mwanangu yalikuwa meupe, yanakatika vizuri, yananukia kama mbaazi mbichi. Utelezi na harufu mbaya vinakuonyesha chakula kimeoza, navyo huletwa na bakteria wengine kabisa. Wanaoua hawabadilishi rangi wala ladha.

Alikula Jumamosi. Jumanne usiku tumbo likaanza kumkata, akaharisha maji. Jumatano kulikuwa na damu. Hakuwa na joto kali mwilini, nikajidanganya kwamba ni kitu kidogo, nikaenda dukani nikanunua vidonge vya kuzuia kuharisha. Hilo ndilo kosa langu la pili, na kwa jinsi nilivyoelezwa baadaye ndilo baya zaidi. Mtu akiharisha damu usimpe dawa ya kufunga tumbo, na usimpe antibayotiki zilizobaki kabatini. Kwa E. koli ya aina hii, dawa ya kufunga tumbo inaiweka sumu ndani muda mrefu zaidi, na baadhi ya antibayotiki huweza kuongeza hatari ya figo kuharibika. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti na umpeleke apimwe choo siku hiyo hiyo.

Kuharisha kulipungua. Tukashukuru. Kumbe ugonjwa huu ndivyo unavyodanganya: siku ambayo tumbo linatulia ndiyo siku ya kufungua macho. Kama wiki moja tangu aanze kuharisha, niliona amepauka midomo, macho yamevimba asubuhi, na toka alfajiri hajakojoa. Tulipofika hospitali damu ilipopimwa chembe sahani zinazogandisha damu zilikuwa zimeshuka, chembe nyekundu zinavunjika, na figo zimesimama. Sumu ya bakteria ilikuwa imeingia kwenye mishipa midogo ya damu. Siku kumi na moja damu ya mtoto wangu ilisafishwa kwa mashine. Yuko hai, anacheza, anasoma. Lakini kila mwaka tunampima shinikizo la damu na mkojo, kwa sababu figo zilizopita hapo zinaweza kusumbua miaka mingi baadaye. Nimeuza vitu kulipia zile siku, na hilo ndilo dogo katika yote.

Choo kilionyesha O157. Mbegu zilizobaki kwenye pakiti zilipimwa zikaonekana safi, na yule mwalimu wetu alipoambiwa akasema basi si mbegu zake. Hapo ndipo nilipotaka kumfuata. Daktari alinituliza kwa kunieleza kwamba mbegu chafu zinaweza kuwa chache mno ndani ya pakiti nzima, ukichota konzi moja kupima unazikosa zote. Akanipa mfano wa Ujerumani mwaka 2011, na kwa sababu wewe unaotesha uwatu, huu usikilize vizuri. Watu zaidi ya 3,800 waliugua kwa aina nyingine ya E. koli, zaidi ya 50 wakafariki. Mwanzoni walilaumiwa wakulima wa matango wa Hispania, bure kabisa. Mwishowe uchunguzi uliishia kwenye machipukizi, na shehena ya mbegu za uwatu iliyotoka Misri mwishoni mwa 2009. Bakteria yenyewe haikuwahi kupatikana ndani ya mbegu zilizopimwa. Na karibu na Bordeaux, Ufaransa, watu waliugua kwa bakteria ile ile baada ya kula machipukizi ambayo waandaaji wa shughuli moja waliyaotesha wenyewe, kutoka pakiti ndogo ya mbegu kama hiyo yako. Usafi wa nyumbani kwao haukusaidia kitu.

Wazalishaji wakubwa wanaojali huloweka mbegu kwenye klorini kali sana, sehemu 20,000 kwa milioni, kisha wanapima maji yanayotoka kwenye machipukizi kabla ya kuuza. Hata hivyo inapunguza tu, haimalizi. Usijaribu klorini hiyo jikoni kwako.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nitairudia mpaka nichoshe watu: machipukizi hayaoshwi yakawa salama, yanapikwa. Chemsha maji mengi kwenye sufuria, tia konzi moja moja ili yasipoe ghafla, subiri yachemke tena, kisha hesabu dakika mbili. Ukikaanga, yageuze mpaka yote yatoe mvuke, yale ya chini na ya juu. Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 75 katikati. Usiyamwage juu ya chakula dakika ya mwisho kama pambo, hapo yanapata joto la juujuu tu. Chujio lililoshika mabichi usilipitishie yaliyoiva kabla hujaliosha kwa sabuni na maji ya moto, na sinki unayosuuzia ichukulie kama umekatia nyama mbichi hapo. Utapoteza ule mkatiko wa kwenye jino. Upoteze.

Chumvi kwenye majani ya saladi haiui, acha. Majani ni tofauti na machipukizi kwa sababu hayajakaa siku nne kwenye joto na maji, kwa hiyo yakiwa na vijidudu kwa kawaida ni vichache. Lakini navyo vinaingia ndani: kupitia matundu madogo ambayo jani linapumulia, kupitia mahali lilipochanika, na zaidi sana kwenye ukingo uliokatwa, maana utomvu unaotoka pale ni chakula chao. Kuosha kwa maji yanayotiririka kunaondoa udongo na labda tisa katika kila kumi ya waliopo juu. Kwa mtu mzima mwenye afya, ondoa majani ya nje, osha yakiwa mazima, kata mwishoni, uyaweke kwenye baridi au uyale hapo hapo. Yakishakatwa usiyaache mezani mchana kutwa. Kwa mama yako anayetoka kuugua, nisingempa mabichi kwa sasa. Mpikie mboga za majani.

Giligilani itie kwenye sufuria ikiwa bado inachemka, usiinyunyize baada ya kuepua. Ina vijani vingi vilivyobanana, maji hayafiki kote, na kuna kimelea kinaitwa saiklospora ambacho hata klorini ya kawaida hakiijali. Joto kinaliogopa.

Kama mama ameshakula hayo machipukizi, hesabu siku kumi tangu alipokula mara ya mwisho. Akiharisha damu, au tumbo likimkata sana, asingoje kesho, na daktari aambiwe wazi kwamba alikula machipukizi mabichi. Mimi sikusema mpaka siku ya pili, hakuna aliyeniuliza na mimi sikujua kama ni muhimu. Akiwa ameharisha kisha akapona, endelea kumwangalia wiki nzima: anakojoa kiasi gani, uso umevimba, midomo imepauka. Na ile chupa iliyoko dirishani sasa hivi imimine kwenye sufuria ya maji yanayochemka, usiku huu, halafu uniandikie hapa kwamba umefanya.