Presha haishuki na dawa tatu: kabla hamjaiita sugu

"Wakuu, mama yangu ana miaka 59. Anakunywa amlodipini, losatani na ile ya kukojosha, lakini kila akienda kliniki presha ni 170 na kitu. Juzi ameambiwa ni presha sugu, aongezewe ya nne. Kuna cha kuangalia kwanza?"

Mkuu, mimi ni nesi, kliniki ya presha nimekaa miaka mingi. Nikuelezee mgonjwa mmoja anayefanana sana na mama yako: dawa ni hizohizo tatu, kipimo 176/102, na faili tayari limeandikwa "sugu".

Nilianza na mkanda wa kupimia presha. Huyu mama ana mkono mnene, nikaupima kwa futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko, ukatoka sentimita 37. Mkanda wetu wa kila siku umeandikwa 22–32. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Tena alikuwa ametoka kupanda ngazi, amepimwa juu ya sweta huku akimsimulia jirani habari za msiba. Nikamwambia aende haja ndogo, akakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kwa mkanda mkubwa nilipima mara mbili, wastani ukawa 160/94. Bado iko juu, ila ile 176 haikuwa yake.

Nikamuuliza dawa. Ukimuuliza mtu mzima "Unakunywa dawa vizuri?" atakujibu ndiyo, hata mimi ningejibu hivyo. Nikamwambia, "Mama, dawa hizi nyingi, wengi zinawapita. Wiki hii zimekupita mara ngapi?" Akacheka, akafungua mkoba. Siku 30 zilikuwa zimetimia tangu achukue vidonge 30 vya kila aina. Amlodipini zimebaki 2, losatani 3, za kukojosha 14! Anauza vitambaa sokoni, na choo kiko mbali, kwa hiyo siku za gulio haimezi. Siku ya kliniki ndiyo hamezi kabisa, kwa kuwa anatoka alfajiri bila kula. Yaani kila tulipompima tulikuwa tunapima presha ya mtu ambaye hajameza dawa asubuhi hiyo.

Halafu magoti. Hili hakulitaja kwa sababu kwake hiyo si dawa ya presha, haihusiani. Kwa miezi minne alikuwa akinunua diklofenaki duka la dawa, asubuhi na jioni. Diklofenaki na ibuprofeni huifanya figo ing'ang'anie chumvi na maji, na huipunguza nguvu losatani pamoja na ile ya kukojosha. Tena diklofenaki, losatani na ya kukojosha zikikutana, figo yenyewe inaweza kuumia, ndiyo maana daktari alimwandikia kipimo cha damu cha figo siku ileile na kumbadilishia parasetamoli. Kwa mama yako mwageni mkoba wote mezani, mtafute vingine vinavyoweza kupandisha presha: vidonge vya mafua vya kuzibua pua, prednisoloni, vidonge vya uzazi wa mpango kwa walio wadogo zaidi, na dawa za mitishamba zisizojulikana zina nini.

Chumvi nayo ina ujanja wake. Kila mtu husema "mimi situmii chumvi", akimaanisha haongezi mezani. Mimi huuliza pakiti. Nusu kilo kwa watu wanne, kwa kiwango cha gramu 5 kwa mtu kwa siku, ingefika siku 25. Kwake iliisha siku 12. Hapo hujahesabu dagaa wa chumvi, vidonge vya kukolezea mchuzi, wala magadi anayowekea maharage yaive haraka. Magadi ni sodiamu pia, ingawa hakuna anayeyaita chumvi.

Hatukumwongezea dawa. Ya kukojosha daktari alimruhusu ameze akirudi sokoni saa tisa alasiri. Wiki ya mwisho alijipima nyumbani asubuhi na jioni, mara mbili mbili kwa siku saba. Tukaacha siku ya kwanza, wastani wa zilizobaki ukawa 132/82. Nyumbani tunataka chini ya 135/85. Ilichukua wiki sita.

Si wote wanaishia hivyo. Kuna mzee mmoja vidonge vyake vilihesabika sawa, mkanda sawa, hana diklofenaki, na nyumbani bado 158. Huyo ndiye sugu kweli. Alipimwa potasiamu na figo, akaulizwa kuhusu kukoroma na pumzi kukatika usingizini, akaanzishiwa spironolaktoni miligramu 25 na kurudishwa kupimwa potasiamu, maana dawa hiyo pamoja na losatani huweza kuipandisha.

Mama asiache dawa hata moja wakati mnachunguza haya. Na ikisoma 180/120 huku kifua kinabana, mdomo umepinda au mkono umelegea, msingoje siku ya kliniki. Nendeni hospitali saa hiyohiyo.